Mambo ya Kazi: Inspekta Akifika, Kibarua Asiye na Karatasi Aseme Nini?

Juma hili twataka kusema na wale waendao asubuhi na panga begani kufyeka malisho Masisi, au kubeba mbao Walikale, au kuchimba mitaro ya barabara, nao hawana hata kipande kimoja cha karatasi mfukoni. Wengi wao ni watu wa Buleusa na vijiji vya jirani. Watu wa huko walikimbia mwaka wa 2016, na wengine wamekimbia tena mara nyingine baada ya hapo. Mtu akimbiaye usiku hushika mkono wa mtoto kwanza. Sanduku la karatasi hubaki nyumbani, na nyumba ikichomwa, karatasi huwaka pamoja nayo.

Basi mtu huyo akipata kibarua huingia kazini na hofu. Siku moja inasikika sauti, "Wakubwa wa serikali wanakuja kukagua!" Mara kapita anawaambia wasio na karatasi wajifiche msituni hata wageni watakapoondoka. Nao hujificha. Inspekta huhesabu watu 8 mahali pafanyapo kazi watu 30, huandika hesabu hiyo, huenda zake. Mwisho wa mwezi wale 22 wakidai mshahara wao, bwana wa shamba huwajibu kwamba hawajui, hata daftari la serikali halina habari zao. Hapo twaona hasara ya kujificha: aliyekimbia amemkimbia shahidi wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufahamu ni hili: kuna karatasi za namna mbili, nazo zisichanganywe. Karatasi ya kwanza yasema wewe ni nani; kwetu ndiyo kadi ya mpiga kura, ambayo katika Kongo hutumika kama kitambulisho. Karatasi ya pili yasema unafanya kazi gani na kwa nani. Ndiyo mkataba wa kazi. Aliyepotelewa na kadi hakupoteza mshahara wake, wala asiye na mkataba wa maandishi si mtu asiye na kazi mbele ya sheria.

Sheria ya Kazi ya nchi yetu ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyotengenezwa upya katika sehemu zake kadhaa mwaka wa 2016. Sheria hiyo yataka mkataba uandikwe. Lakini yasema pia kwamba usipoandikwa, mkataba wahesabiwa kuwa ni wa muda usio na mwisho, mpaka mtu athibitishe vingine. Tena mfanyakazi aruhusiwa kuonyesha kwa njia yo yote ya haki kwamba alifanya kazi na kwa masharti gani: kwa mashahidi, kwa daftari, kwa ujumbe wa simu, kwa alama yo yote ya kweli. Maana yake ni kwamba ukosefu wa mkataba ni mzigo wa bwana wa kazi kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiri watu bila kuandika. Inspekta akiuliza mkataba u wapi, swali hilo lampasa bwana kulijibu.

Pengine msomaji atasema, "Lakini mimi ni kibarua wa siku kwa siku, kila jioni nalipwa, kesho naitwa tena au siitwi." Sheria imemfikiria hata huyu. Kifungu cha 40 chasema kwamba kibarua wa siku kwa siku akiwa amekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi 2, naye akaitwa tena kabla miezi hiyo 2 haijaisha, kule kuitwa tena kwahesabiwa kuwa ni mkataba wa muda usio na mwisho. Haidhuru kapita amwite kibarua mpaka siku ya mwisho. Sheria haimwiti hivyo tena.

Tutoe mfano ili jambo hili lieleweke vema. Mtu mmoja aliitwa kutengeneza uzio na kufyeka majani katika shamba la ng'ombe. Alianza tarehe 3 Machi, akafanya siku 6. Akarudi tarehe 17 Machi, akafanya siku 6 tena. Mwezi wa Aprili alifanya siku 6 tangu tarehe 7, na siku 4 tangu tarehe 21. Jumla ni siku 22, na miezi 2 tangu tarehe 3 Machi yaishia tarehe 2 Mei. Tarehe 28 Aprili kapita akamwita tena. Tangu siku ile mtu huyo si kibarua tena mbele ya sheria. Alipofanya siku 9 nyingine bila kulipwa, kisha akaambiwa, "Nenda zako, huna mkataba," alikuwa na madai mawili. La kwanza ni mshahara wa siku zile 9. La pili ni kwamba mwenye mkataba wa muda usio na mwisho, asipokuwa amefanya kosa zito, hafukuzwi kwa neno moja la jioni. Hupewa taarifa mbele, nayo isipungue siku 14 za kazi.

Lakini atazihesabuje siku zile 22 mbele ya inspekta? Hapo ndipo daftari lifanyapo kazi kuliko maneno. Daftari la mwanafunzi latosha. Kila jioni uandike tarehe, kazi uliyofanya, mahali, saa ya kuanza na saa ya kuacha, jina la aliyekuita, na fedha uliyopokea au iliyobaki. Kando uandike jina la mwenzako mmoja aliyefanya kazi nawe siku ile, naye aandike jina lako katika daftari lake. Madaftari mawili yanayosema neno moja yana nguvu kuliko moja. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake aliye shuleni. Nanyi wanafunzi, kazi hiyo ya dakika 5 huenda ikaokoa mshahara wa baba au mama. Daftari liandikwe siku ile ile. Lililoandikwa lote siku moja kwa kalamu moja baada ya ugomvi hujulikana upesi, wala haliaminiwi.

Sasa tuseme habari za huyo inspekta mwenyewe. Inspekta wa kazi si polisi, wala kazi yake si kuwawinda wasio na kadi. Kongo imetia sahihi, tangu mwaka wa 1968, Mapatano namba 81 ya Shirika la Kazi la Ulimwengu, yaliyofanywa mwaka wa 1947. Mapatano hayo yampa inspekta ruhusa ya kuingia mahali pa kazi bila kutoa habari mbele, saa yo yote ya mchana au ya usiku. Yampa pia ruhusa ya kumwuliza mfanyakazi maswali peke yake, pasipo bwana wala kapita kusimama karibu. Tena yamkataza asimwambie bwana kwamba alikuja kwa sababu ya mashtaka, wala asimtaje aliyeshtaki. Nayo yataka inspekta awe na hati ya kumtambulisha. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwambia mgeni, "Mzee, twaomba kuona hati yako ya kazi." Inspekta wa kweli ataionyesha.

Swali hili ni la lazima kwetu, kwa maana si kila avaaye kofia ni inspekta. Katika Walikale na Masisi huja watu wengi wenye kuuliza karatasi: polisi, watu wa uhamiaji, watu wa ofisi ya madini, hata wenye bunduki wasio na ofisi yo yote. Dalili moja yatusaidia kuwatenganisha. Inspekta wa kazi akiona kosa huliandika juu ya bwana wa kazi. Hana faini ya kumtoza kibarua pale shambani. Mtu akidai franka kutoka mkononi mwa kibarua kwa sababu hana mkataba, bila kutoa stakabadhi ya serikali, huyo hafanyi kazi ya inspekta. Mbele ya mtu wa namna hiyo, na zaidi akiwa na silaha, msishindane naye. Shikeni jina lake mkiweza, saa, mahali, na neno alilolisema, mkaliandike baadaye.

Inspekta akisimama mbele yako, useme nini? Useme kweli, nayo iwe fupi. Neno kama hili latosha: "Naitwa fulani. Natoka Buleusa. Nafanya kazi hapa tangu tarehe fulani. Kazi yangu ni kufyeka malisho. Aliniita kapita fulani. Twapatana fedha kadha wa kadha kwa siku, nami sijalipwa siku 9. Mkataba wa maandishi sikupewa. Kadi yangu ilipotea tulipokimbia." Ukiulizwa jambo usilolijua, jibu, "Silijui." Usiongeze siku ambazo hukufanya; inspekta akikuta siku 2 za uongo, atazitilia shaka zile 20 za kweli. Na kama kapita amewafundisha jibu moja nyote mbele ya wageni kufika, mwombe inspekta kwa upole, "Mzee, napenda kusema nawe kando." Haki hiyo imo katika mapatano tuliyoyataja.

Kuna mambo matatu ambayo mtu asiyafanye, hata kama hofu imemshika. La kwanza, asitumie kadi ya mwingine wala kujiita jina lisilo lake. Kukosa kadi ni upungufu tu. Kushika kadi ya mwingine kwaweza kuwa kosa la jinai. Tena laharibu madai yote, kwa kuwa siku za kazi zitaandikwa kwa jina la yule mwenye kadi, nawe ukidai mshahara utaambiwa, "Jina lako halimo." La pili, asitie sahihi wala kidole juu ya karatasi asiyoweza kuisoma. Aombe isomwe kwa lugha aijuayo, mbele ya mwenzake. Mara nyingi karatasi iletwayo kwa haraka siku ya ukaguzi yasema, "Nimepokea fedha zangu zote," au huwa na tarehe ya nyuma. La tatu, asimwachie bwana wa kazi karatasi iliyo ya asili. Akitaka kuandika namba ya kadi, na aandike, kisha airudishe; akitaka kuiweka, apewe nakala. Ashikaye kadi yako ameshika miguu yako.

Ikiwa walinzi wa serikali wanamkamata mtu, sheria iliyo kubwa kuliko zote yamlinda. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 18, yasema kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kupasha habari jamaa yake au mwanasheria wake. Kuwekwa kwa polisi kusizidi saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa haki. Basi maneno ya kujifunza kwa moyo ni haya: "Naomba kujua sababu. Naomba jamaa yangu aambiwe." Nao wenzake waliobaki waandike saa aliyokamatwa, kwa maana asiyejua saa ya mwanzo hawezi kuzihesabu 48.

Neno moja tu kwa wachimbaji wa madini, maana huko mambo ni mengine. Mchimbaji mdogo hahesabiwi kuwa kibarua wa mtu. Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, yamtaka awe Mkongo, awe mtu mzima, awe na kadi ya mchimbaji ya mwaka mmoja mmoja, na awe katika ushirika unaokubaliwa na serikali. Mtoto asiyefikia miaka 18 hana ruhusa kabisa, wala hakuna kadi iwezayo kumhalalisha. Lakini mtu aliyeajiriwa na kampuni ya madini, apokeaye mshahara, ni mfanyakazi kama wengine, nayo Sheria ya Kazi yamhusu. Kwa hiyo kabla ya kusema mbele ya mkaguzi, mtu ajue yeye ni yupi: mchimbaji wa ushirika, au mwajiriwa. Ajiitaye mchimbaji huru, kumbe hulipwa na kampuni kila mwezi, amejitoa mwenyewe katika sheria ya mshahara.

Tuje sasa kwenye karatasi za kutunza nyumbani. Iliyo ya kwanza ni kadi ya mpiga kura. Ikipotea, usingoje ukaguzi. Nenda upesi kwa ofisi ya serikali ya mahali ulipo, ukaombe hati ya kupotelewa. Hati hiyo si kadi, lakini yaonyesha kwamba ulisema mapema, kabla hujaulizwa. Ya pili ni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtoto huandikishwa katika siku 90 tangu kuzaliwa kwake. Muda huo ukipita, hutakiwa hukumu ya mahakama ili cheti kipatikane, na hiyo ni njia ndefu kwa mtu maskini. Ya tatu ni kila karatasi ya kazi: mkataba kama upo, karatasi ya hesabu ya mshahara ambayo bwana apaswa kuitoa kila alipapo, namba ya sanduku la akiba liitwalo CNSS kama umeandikishwa, na lile daftari lako. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha iliyotumwa nao ni ushahidi, usiufute.

Wakristo wana njia moja zaidi. Cheti cha ubatizo si kitambulisho cha serikali, wala asikionyeshe mtu kana kwamba ni kadi. Lakini chataja jina, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya wazazi. Na kitabu cha ubatizo kikiwa salama parokiani, nakala yaweza kuandikwa tena hata kama nyumba iliungua. Nakala hiyo yasaidia kuthibitisha maneno ya mtu anapotafuta cheti kilichopotea.

Karatasi hizi zitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vema, usioingia maji, wenye kamba ya kuvaa shingoni siku ya mbio. Usiku mfuko uwekwe mahali pamoja pajulikanapo na baba, mama, na mtoto mkubwa. Nakala zipelekwe kwa ndugu akaaye kijiji kingine, maana kijiji kimoja kikiungua, kingine huenda kikabaki. Aliye na simu apige picha za karatasi zote na kumpelekea ndugu huyo. Hata asiye na simu aandike namba ya kadi yake kwenye jalada la kitabu cha sala. Namba yasaidia kutafuta, kadi yenyewe ikiwa imepotea.

Je, asiyelipwa aende wapi? Sheria yataka ugomvi wa mfanyakazi mmoja na bwana wake upelekwe kwanza kwa inspekta wa kazi ili awapatanishe. Wakipatana, maneno yao huandikwa; wasipopatana, huandikwa pia, na karatasi hiyo ndiyo ifunguayo mlango wa mahakama ya kazi. Bila kupita kwa inspekta, mahakama haitapokea shauri. Mtu aende na daftari lake na mashahidi wawili, wala asikawie, kwa maana madai ya mshahara huzeeka katika sheria yakaisha.

Twajua kwamba katika nchi yetu njia hii si nyepesi. Goma ilitekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na serikali ya mkoa ikahamishia makao yake ya muda Beni; Walikale nayo iliona vita mwezi wa Machi mwaka ule ule. Inspekta hafiki Buleusa kila mwezi, na pengine hafiki mwaka mzima. Mahali asipofika inspekta, watu wapeleke neno lao kwa mkuu wa kijiji pamoja na wazee, au kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia kama ipo, na kuomba mapatano yaandikwe, yenye tarehe na majina ya mashahidi. Mapatano hayo si hukumu ya mahakama. Lakini siku inspekta atakapofika, atakuta siku zimehesabiwa, majina yameandikwa, na wafanyakazi wamesimama mahali pao pa kazi. Na wale 22 wasiende msituni. Wakae na daftari zao mkononi, ili hesabu ya serikali iwe 30.